Mwanamke wa Kwenye Karatasi Hapigi Magoti

Wanawake wanaochorwa kwenye michoro ya magauni hawajawahi kula ubwabwa. Hawana tumbo, hawana makalio ya kukalia, na shingo zao zinaruhusu shanga za ukoo mzima. Miguu yao ni kama kwato za swala, myembamba na imeelekezwa chini, kwa hiyo hata kusimama sina hakika kama wanasimama au wananing'inia. Mimi ni fundi cherehani. Kila msimu wa sherehe naletewa wanawake wa namna hii, naambiwa, "Fundi, nataka hivi hivi." Kisha anayeniambia anageuka, nami namwona alivyo, ana nyonga kama Mungu alivyompangia, na najua kazi ipo.

Safari hii mteja alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayekaribia kufanyiwa sendofu. Alikuja na mchoro uliochorwa na rafiki yake. Mchoro ulikuwa mzuri, sitadanganya. Gauni refu la kitenge, mikono ya puto, limebana hadi magotini, kisha chini ngazi tatu za marinda. Toka bega la kushoto kulikuwa na mstari uliokatiza kifua hadi nyonga ya kulia.

"Shangazi, unaliweza?" akauliza.

"Ngoja kwanza nihesabu vichwa," nikamjibu.

Alidhani natania. Lakini ndiyo njia ya haraka ya kujua kama mchoro unasema kweli. Unapima kichwa cha mtu aliyechorwa kwa penseli, toka utosini hadi kidevuni, kisha unashuka nacho hadi unyayoni ukihesabu. Binadamu wa kawaida ana vichwa 7 hadi 7 na nusu. Wachoraji wa mitindo hurefusha hadi 9, na si utapeli. Ni mazoea ya kazi yao, ili nguo ionekane na miguu ipate madaha. Huyu wa rafiki yake alifika vichwa 10.

Tatizo ni kwamba urefu huo wa ziada haugawanywi sawasawa mwilini. Karibu wote hutiwa chini ya kiuno. Kwenye karatasi, toka kiunoni hadi sakafuni kulikuwa na vichwa 7. Mtoto wa kaka yangu ana urefu wa futi 5 na inchi 3, na kichwa chake kina inchi 8 na nusu hivi. Nikishona kwa kufuata vichwa vya mchoro, sketi yake itakuwa na inchi 59 na nusu. Nikachukua futikamba nikampima toka kiunoni hadi chini: inchi 40. Akivaa kiatu cha inchi 3, ni 43. Zinazobaki ni inchi 16 na nusu za kufagilia ukumbi.

"Si tunapunguza tu chini?" akasema.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na hata mafundi wenye haraka. Ukikata chini tu, unakata marinda yenyewe ambayo ndiyo roho ya gauni. Kila ngazi ya marinda ilikuwa imechorwa na urefu wa kichwa kizima. Ngazi tatu ni zaidi ya inchi 25. Lakini goti lake, akiwa na kiatu, liko inchi 21 tu toka sakafuni. Kwa hiyo ukiziacha nzima, ngazi zile zingeanzia juu ya goti, karibu na katikati ya paja, na gauni la kubana hadi magotini lingegeuka gauni la mtoto wa chekechea mwenye mwili wa mtu mzima. Dawa ni kuligawa upya toka juu. Tuliacha inchi 1 chini asikanyage pindo, zikabaki inchi 20 za kugawa: ngazi ya juu 6, ya kati 6 na nusu, ya chini 7 na nusu. Ya chini inakuwa kubwa kidogo kwa makusudi, kwa sababu zikilingana kabisa jicho huiona ya chini imedumaa.

Tukahamia kwenye ule mstari wa kukatiza kifua.

"Huu ni mshono, au penseli iliteleza?"

"Ni mtindo, shangazi."

Mtindo ni sawa, ila kitenge ni pamba isiyovutika. Kifua chake ni inchi 38 na kiuno 30. Inchi 8 za tofauti lazima ziende mahali: ama zimezwe na mishono inayopita juu ya matiti, ama zikunjwe kwa mikunjo midogo inayofia karibu na ncha ya titi. Kwenye karatasi hapakuwa na mshono mwingine wala mkunjo. Mwanamke wa kwenye karatasi hahitaji, maana kifua chake ni wino. Nikamwekea futikamba mwilini, toka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia. Mstari ulipita katikati kabisa, kwenye bonde, haukugusa titi hata moja. Mshono wa hivyo ni pambo tu. Hauchongi chochote, na nguo ingebana kifuani huku kiunoni ikipwaya.

Sikutaka kuufuta, kwa sababu ndio uliompendeza. Tuliusogeza inchi chache upande wa kushoto ili upite juu ya ncha ya titi la kushoto, hapo ukaanza kufanya kazi. Titi la kulia tukalipa mkunjo unaochomoza kwenye mshono huo huo na kufia inchi 1 kabla ya ncha, usije ukatoa kichuguu. Mgongoni mikunjo miwili ikamaliza kilichobaki. Ukitazama mbele bado unaona mstari mmoja uliolala mshazari, kama ulivyochorwa.

"Na mgongoni kukoje?" nikauliza, maana tulikuwa tumefika huko.

Akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na orodha ya vinywaji vya sherehe.

Hili ni swali ninalomuuliza kila mtu, na karibu kila mtu hunyamaza: unaingiaje? Nyonga zake ni inchi 42 na kiuno 30. Gauni lililobana kiunoni halipandi kupitia nyonga hizo, na likishuka toka kichwani linakwama mabegani. Mchoro ulikuwa na shingo iliyofunga na mbele isiyo na kifungo. Kwa hiyo zipu ianze shingoni nyuma, ishuke hadi inchi 8 chini ya kiuno, pale nyonga zinapofikia upana wake wote. Kwake ilihitaji zipu ya inchi 24. Ukiweka fupi, inaishia kiunoni, na siku ya sherehe inachanika mwishoni kabisa, ambako hakuna pini inayosaidia.

Basi tukabaki na magoti. Kwenye karatasi, upana wa gauni magotini ulikuwa nusu kichwa. Kwa vipimo vya kichwa chake, mzunguko wote haufiki inchi 9. Goti lake moja tu ni inchi 15. Nilimweleza, akaniangalia kama ninayemwonea wivu.

"Lakini shangazi, libane. Nataka libane."

Tukapatana inchi 30, na nikashona kwanza nguo ya majaribio kwa marekani, bila marinda. Kitambaa cha bei nafuu ndicho kinachostahili kufundishwa adabu, si kitenge. Akavaa. Akatembea hatua fupi fupi, akajitazama kwenye kioo, akafurahi. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, kidogo kidogo, akafaulu. Msaidizi wangu akapiga vigelegele.

"Haya," nikasema, "wapelekee wazazi keki."

Kila aliyewahi kuhudhuria sendofu anajua: binti anapiga magoti mbele ya wazazi wake, anawalisha keki, kisha anainuka huku ukumbi mzima ukimtazama. Akapiga magoti mbele ya meza yangu ya kukatia. Kushuka hakukuwa na shida, kwa sababu kushuka dunia inakusaidia. Kuinuka unahitaji kutanguliza mguu mmoja mbele, na mguu hauendi mbele ndani ya inchi 30. Alijaribu kwa kulia, akajaribu kwa kushoto, akajaribu yote miwili kwa pamoja, akalala ubavu taratibu juu ya vipande vya vitambaa. Mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akageukia ukutani kwa heshima. Mimi nikamshika kwapa moja, msaidizi la pili, tukamsimamisha kama mlingoti.

"Ongeza," akasema mwenyewe.

Tulimaliza kwenye inchi 40 magotini. Bado gauni linaonyesha kubana, kwa sababu marinda yanapoanza hapo chini jicho linadanganyika na kuona goti jembamba.

Sasa kitenge kitatosha? Walinunua pisi nzima ya yadi 6, upana wake inchi 45. Mama yake alikuwa ameshakata yadi 2 za kilemba, na wifi yangu si mtu wa kudaiwa kitambaa. Zilibaki yadi 4, yaani inchi 144. Mchoro ulionyesha marinda manene, ambayo kwa kawaida kila ngazi ina urefu mara mbili ya iliyoishikilia: 80, kisha 160, kisha 320. Kwa vile pisi ina upana wa inchi 45 tu, ngazi ya chini peke yake ingekula vipande 8 vya kuunganisha. Ukijumlisha ngazi zote na posho ya kushonea, ni inchi 119. Kiwiliwili na mikono vingeshonwa kwa inchi 25, yaani visingeshonwa.

Nikapunguza nguvu ya marinda, badala ya mara mbili ikawa mara moja na nusu: 60, 90, 135. Jumla ikashuka hadi inchi 58, na zilizobaki zikatosha sketi, kifua na mikono, pamoja na akiba ya kulinganisha maua kwenye ule mshono wa mshazari. Unene uliopungua tulirudisha kwa kushonea ukanda wa neti ngumu ndani ya ngazi ya chini, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Rafiki aliyechora alikuja kuliona likiwa limetundikwa. Alilizunguka, akakunja uso, akauliza kama kuna kilichobaki cha mchoro wake. Nikamwonyesha: mikono ya puto ipo, mstari wa kifua upo, ngazi tatu zipo, kubana kupo. Tulichoondoa ni vichwa viwili na nusu, na mwenye gauni hakuwa navyo tangu azaliwe.