Baba Asha na Pakiti ya Lita Moja

Homa ya mafua ilipomwangusha Baba Asha, kila mtu nyumbani alijifanya daktari. Siku ya pili jasho lilikuwa limelowesha godoro, chakula hataki, na kila kinachoingia kinarudi kwenye beseni. Mdogo wake akatumwa duka la dawa kununua ORS. Shemeji yangu huyu hasomi maandishi ya pakiti. Alimimina unga wote kwenye bilauri moja ya maji, akakoroga, akasema, "Kaka, funga pumzi, maliza yote."

Kaka alitii. Dakika mbili baadaye beseni, blanketi na soksi za shemeji kila kimoja kilikuwa kimepata fungu lake.

Mama mkwe alitoka jikoni, akaokota ile pakiti na kuinyoosha mbele ya macho yake. "Hapa pameandikwa lita moja. Wewe mwanangu umemnywesha bahari!" Alikuwa na haki. Chumvi ikizidi tumboni huyavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, na mgonjwa huzidi kukauka.

Alipima mwenyewe lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akachanganya pakiti mpya kwenye jagi, akamwacha mwanawe apumzike dakika kumi. Kisha kijiko cha chai kimoja, kila baada ya dakika mbili, saa ikiwa ukutani. Shemeji alicheka, lakini hesabu iko wazi: kijiko ni mililita 5, kwa saa moja ni mililita 150, na zote zilibaki tumboni. Bilauri yake haikubakisha kitu. Kutapika kulipokoma, kijiko kikawa funda dogo, funda likawa nusu kikombe.

Jioni shangazi akaleta supu ya kuku, akataka tumwage "hayo maji ya dukani". Mama mkwe akaengua mafuta, akampa mgonjwa vijiko vichache, na jagi likabaki pale pale. Supu ina maji na chumvi, lakini haina sukari, na sukari kidogo ndiyo inayosaidia utumbo kuifyonza chumvi, maji yakafuata. Shemeji aliposikia sukari akakimbilia soda aichanganye humo. Akanyang'anywa chupa. Sukari nyingi nayo huvuta maji na kuleta kuhara.

Asubuhi mama mkwe aliuliza, bila haya, mkojo una rangi gani. Jana ulikuwa kidogo na wa kahawia. Leo ni mwingi, njano hafifu. Dawa iliyobaki kwenye jagi akaimwaga, maana saa 24 zilikuwa zimetimia.

Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi huchukua vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Lakini mgonjwa asiyebakiza hata kijiko, anayezubaa au aliyeshinda kutwa bila kukojoa, msimsubirishe nyumbani. Huyo anahitaji dripu, mpelekeni hospitali.