Namna ya Kumsimamisha Farasi kwa Kutofanya Chochote

Ukitaka kushinda dresaji, jifunze kwanza kusimama. Usicheke. Kumchezesha farasi mahali pamoja na kumpeleka kimshazari kama kaa kutakuja baadaye. Jaribio linaanza kwa kuingia uwanjani, kusimama katikati na kusalimu, na kila jaji hulipa tendo hilo alama yake, kuanzia 0 hadi 10, nusu zikiruhusiwa. Hapo ndipo wengi wanapozimwaga alama zao kabla hata farasi hajatoka jasho.

Uwanja wa mashindano makubwa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 20. Pembeni kumepangwa herufi. Wewe unaingia kwenye A, na jaji mkuu amekaa mbele yako kwenye C. Unatakiwa kusimama kwenye X, katikati kabisa, na X haijaandikwa popote. Usiitafute mchangani, kwa sababu ukiinamisha kichwa, uzito wako unahama na farasi anapinda. Mkazie macho jaji wa C, na utajua umefika X pale E itakapokuwa usawa wa bega lako la kushoto na B usawa wa bega la kulia.

Sasa msimamishe, na hapa ndipo penye kazi. Mkono wako utataka kuvuta hatamu. Ukatalie. Farasi akivutwa mdomo kwanza, hunyanyua kichwa, mgongo wake unabonyea, na miguu ya nyuma inabaki huko nyuma. Anza na kiwiliwili: keti wima, kaza mgongo na tumbo, mguse ubavuni kwa miguu yote miwili ili asogeze miguu ya nyuma chini ya tumbo lake, ndipo vidole vifumbe hatamu kwa muda mfupi na kulegeza. Rudia hivyo mara kadhaa ukiwa njiani, kidogo kidogo, ili kusimama kwenyewe kusimshtue.

Kama unadhani uzito wa mwili ni kitu kidogo, mkumbuke Lis Hartel wa Denmaki. Polio ilimpoozesha miguu kuanzia magotini kwenda chini, akawa anapandishwa farasini kwa msaada. Mwaka 1952 huko Helsinki, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa katika dresaji ya Olimpiki, alichukua medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee, akishindana na wanaume wenye miguu mizima. Mimi sijui ushahidi mzuri kuliko huo kwamba farasi anausikia mgongo wa aliyempanda.

Ukishasimama, tulia angalau sekunde 3. Farasi awe amebeba uzito sawa kwa miguu yote minne, ya mbele sambamba na ya nyuma sambamba. Tuseme mguu wa nyuma wa kushoto umebaki hatua nusu nyuma. Jaji wa C, anayewatazama kwa mbele, anaona mstari ulionyooka na farasi ametulia, anakupa 7.5. Jaji wa E, aliye ubavuni upande wa kushoto, anauona mguu ule waziwazi, anakupa 5.5. Watazamaji huzomea tofauti kama hiyo wakidhani kuna upendeleo, ilhali kila mmoja ametoa haki kwa alichokiona. Ndiyo sababu majaji hutawanywa kuuzunguka uwanja.

Usijaribu kurekebisha mguu huo baada ya kusimama. Farasi akicheza wakati wa salamu, umepoteza zaidi. Na usithubutu kumbembeleza kwa sauti. Mwaka 1932 huko Los Angeles, Msweden Bertil Sandström alishushwa hadi mkiani mwa orodha kwa kushtakiwa kwamba alimhimiza farasi kwa kualiza ulimi. Yeye alijitetea kwamba ni tandiko lililokuwa likilia. Hadi leo sauti na ulimi ni marufuku, kwa hiyo paka tandiko lako mafuta.

Salimu sasa: hatamu zote mkono mmoja, mkono mwingine uushushe, inamisha kichwa, usiharakishe. Mtazame farasi masikio na mkia. Mkia unaochapachapa na mdomo unaoachama vinawaambia majaji kwamba utulivu huu umelazimishwa, na alama itashuka hata kama miguu imepangika vizuri.

Zishike hatamu kwa mikono miwili, mguse ubavuni, aondoke moja kwa moja kwa mchakamchaka. Akitembea hata hatua mbili kabla ya kukimbia, jaji ataziona, kwa sababu mstari wa jaribio unasema mchakamchaka na hautaji kutembea.