Notisi ya Siku 14

Masika ya Tanga yakishika, nyumba yenye paa bovu haiwezi kujificha. Yetu ilianza na doa la rangi ya chai kwenye siling bodi ya chumba cha watoto. Doa likapanuka, likalegeza ubao, na asubuhi moja tukakuta maji yanateremka na waya wa taa. Swichi ukiigusa inakutekenya mpaka kwenye kiwiko.

Fundi alipanda, akatembea juu ya mabati huku akigonga hapa na pale, akashuka na jibu lake. Kofia ya bati imepasuka kule juu mgongoni, misumari imelegea, na maji yanaingia mbali kabisa na pale yanapodondokea. Yanafuata papi kimyakimya hadi yanapokutana na waya. "Hapa si pa kuziba na lami," alisema. "Kofia ibadilishwe, misumari ipigwe upya, na huo waya uvutwe mwingine."

Sasa, nyumba si yetu. Mwenyewe ni bibi wa hapa hapa Tanga aliyehamia Maskati kwa wanawe zamani. Kodi tunalipa kwa miezi sita sita, na mambo ya hapa yako kwa msimamizi wake, ambaye ukimpigia simu kuhusu paa anasema "hilo nimelipata," nalo linabaki huko huko alikolipatia. Mkataba wetu, ulioandikwa kwa Kiingereza na wakili, unataka madai ya matengenezo yapelekwe kwa maandishi, na baruapepe inakubalika. Basi baba watoto akakaa mezani akaandika malalamiko kwa Kiingereza, kwa kuwa mkataba ni wa Kiingereza, na kwa kuwa kazini kwake hawaandikiani kwa lugha nyingine.

Kwa Kiingereza chake ilikuwa barua safi. Ila bibi wa Maskati anasoma Kiarabu na Kiswahili tu. Baba watoto akampa kazi ya kuitafsiri mpwa wake, kijana wa chuo aliyekuwa kwetu likizo. Mimi nilikuwa shuleni nasahihisha insha za kidato cha pili. Niliporudi jioni nikaambiwa barua imeshakwenda, tena kijana amepewa soda.

Haikupita wiki dalali akabisha hodi. Nyuma yake mume na mke, na yule mama hajamaliza hata salamu ameshatoa futi kamba anapima dirisha la sebule kwa ajili ya mapazia.

"Karibuni," nikasema. "Kuna nini?"

"Tumekuja kutazama nyumba, dada. Si mnahama mwisho wa mwezi?"

"Nani kasema?"

"Msimamizi. Anasema mmempa mwenye nyumba notisi ya siku 14."

Nilimtazama baba watoto. Baba watoto alimtazama mpwa wake. Mpwa wake alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye simu.

Dalali alipoondoka, kwa shingo upande na bila hela ya kuonyesha chumba, nikaomba niisome hiyo barua. Kweli, mstari wa kwanza ulisema: "Kwa barua hii tunakupa notisi ya siku 14." Katika Kiingereza cha baba watoto neno hilo lilikuwa taarifa ya muda tu: tunakuarifu tatizo, una siku 14. Lakini kati ya mpangaji na mwenye nyumba, mtu akisema notisi, anayesikia anatafuta mizigo. Bibi alifanya alichoambiwa. Alitafuta wapangaji wengine.

Yaliyofuata yalikuwa na ukali ambao baba watoto anaapa hakuuandika. "Tumesikitishwa sana na kushindwa kwako kutengeneza paa." Kwa Kiingereza cha ofisini, kushindwa huko ni namna ya kusema kazi haijafanyika. Ukimwandikia hivyo mama wa miaka sabini na kitu, umemwambia hafai. Halafu, kana kwamba kijana amestuka na ukali wake, ikaja: "Je, unaweza kutengeneza paa hili?" Kiingereza kikitaka kuomba kwa adabu huuliza kama mtu anaweza. Kiswahili kikiuliza hivyo kinauliza uwezo, na jibu la kweli la bibi lingekuwa kwamba magoti hayamruhusu kupanda ngazi. Mwishoni kulikuwa na maneno ya kiwakili ya kulinda haki zetu nyingine, ambayo kijana aliyageuza kuwa "bila chuki yoyote." Mama mkwe wangu, aliyekuwa anasikiliza huku anachambua mchele, akauliza: "Kwani nani alikuwa ametaja chuki?"

Mama mkwe akaona kazi hii si ya watoto wa chuo. Akaagiza peni, akaamuru niandike anavyosema. Barua yake ilianza kwa salamu, ikapita kwa wajukuu wa Maskati mmoja mmoja, ikaomba dua kwa marehemu mume wa bibi, ikaeleza mvua zilivyo nyingi mwaka huu, kisha ikafika kwenye shida yenyewe: "Na hilo paa nalo, mama, ukijaliwa nafasi, ututazamie."

Ilikuwa barua ambayo mtu yeyote angefurahi kuipokea, akaikunja, akaiweka. Hamna tarehe, hamna kiasi, hamna kinachoombwa. "Ukijaliwa nafasi" imempa ruhusa ya kutojaliwa hadi masika ya mwakani. Na siku tukifika mbele ya watu kutafuta suluhu, hatungeweza kuonyesha kwamba tuliwahi kulalamika. Ungesema tulikuwa tunajuliana hali.

Barua ya tatu niliiandika mwenyewe usiku, watoto wamelala sebuleni. Sikuitazama ya Kiingereza. Nilijiuliza bibi anatakiwa ajue nini, kisha afanye nini, lini. Heshima niliiweka kwenye salamu na kwenye namna ya vitenzi. Uzito niliuweka kwenye tarehe, na huko sikuruhusu tafadhali hata moja ipite. Baba watoto alitaka pia tuingize rangi ya ukuta inayobanduka na geti linalolia. Nikayakata yote mawili, kwa sababu msomaji anayetafuta pa kubishia angeanza na geti, na waya wenye maji ungesahaulika.

Ikatoka hivi:

*Assalaam aleikum mama, na shikamoo. Tunatumaini wewe na familia hamjambo.*

*YAH: KUVUJA KWA PAA NA HITILAFU YA UMEME, CHUMBA CHA PILI*

*Kwanza tunaomba radhi kwa usumbufu uliotokana na barua yetu ya tarehe 14 Aprili. Hatuhami. Tunaomba barua hii ichukue nafasi ya ile.*

*Tangu tarehe 2 Aprili paa linavuja juu ya chumba cha pili. Msimamizi alijulishwa kwa simu tarehe 3 na tarehe 9. Fundi amekagua akakuta kofia ya bati imepasuka na misumari imelegea. Maji yanafika kwenye waya wa taa, na swichi inapiga shoti. Umeme wa chumba hicho tumeuzima, na watoto wanalala sebuleni. Tumeambatisha picha pamoja na makadirio ya fundi, shilingi 385,000.*

*Kama tulivyokubaliana katika kifungu cha 7 cha mkataba, matengenezo ya paa na mfumo wa umeme ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo tunaomba moja kati ya haya mawili lifanyike kabla ya tarehe 6 Mei: ama fundi wako aje atengeneze, ama utupe ruhusa ya maandishi tumlipe fundi wetu na kiasi hicho kikatwe kwenye kodi ya Julai.*

*Barua hii haiathiri haki nyingine tulizonazo katika mkataba. Tunakushukuru kwa kutusikiliza.*

*Wapangaji wako.*

Baba watoto aliisoma akasema haina meno. Nikamwambia ahesabu. Paa ndilo linalovuja, kwa hiyo bibi hajatajwa kwa ubaya popote. Msimamizi "alijulishwa," hakuitwa mzembe, lakini tarehe mbili zimekaa pale na kila mtu anajua kusoma kalenda. "Tulivyokubaliana" inamkumbusha kwamba sahihi yake iko pale pale ilipo yetu. Na "tunaomba," ikifuatwa na tarehe, si ombi la sadaka.

Alitaka angalau tutaje Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 88 kinamtaka mwenye nyumba ya kuishi aiweke katika hali inayofaa binadamu muda wote wa upangaji, hata kama mkataba umenyamaza. Ni kweli, lakini mkataba wetu haukunyamaza. Ukianza na sheria ya nchi, barua ya pili utaanza na nini? Nikamwambia aitunze, tarehe 6 Mei ikipita kimya tutaihitaji.

Kuhusu yale machaguo mawili alikuwa na hofu nyingine: kwa nini tumpe bibi njia ya kutulipisha sisi kwanza? Kwa sababu kodi ya miezi sita tumeshailipa, hatuna cha kushikilia, na malipo ya fundi yakikatwa kwenye kodi bila ruhusa ya maandishi, sisi ndio tunageuka wadaiwa. Aliye mbali, tena, huona rahisi kukubali kuliko kutafuta fundi kwa simu. Njia ya pili niliiweka mwisho makusudi, ili ndiyo imbaki kichwani.

Mpwa alipewa kazi moja tu, kuambatisha picha, na mama mkwe alisimama nyuma yake mpaka alipobonyeza kutuma.

Jibu kutoka Maskati lilikuja Ijumaa baada ya swala. Lilianza kwa salamu ndefu na pole kwa watoto. Kisha:

*YAH: MATENGENEZO YA PAA NA UKUTA WA MBELE*

*Ruhusa mnayo. Fundi wenu atengeneze kwa shilingi 385,000, mnitumie risiti, na kiasi hicho kikatwe kwenye kodi ya Julai. Kofia na misumari ya zamani msimamizi aione kabla haijatupwa.*

*Msimamizi pia amenijulisha kwamba tarehe 11 Januari ukuta wa mbele ulitobolewa ili kufunga dishi. Kama tulivyokubaliana katika kifungu cha 9 cha mkataba, ukuta hautobolewi bila ruhusa ya maandishi. Kwa hiyo ninaomba tundu lizibwe na kupakwa rangi kabla ya tarehe 30 Juni. Ninawashukuru kwa kunisikiliza.*

Baba watoto aliisoma, akairudia taratibu, anatafuta pa kukasirikia. Tundu lilizibwa tarehe 28.