Mgeni Rasmi Hana Kisanduku

Andiko la mradi lililoandikwa na kamati utalijua kwa shukurani zake. Lile la kikundi cha mwani cha kina mama wa kwetu, upande wa mashariki wa Unguja, lilianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, likamshukuru sheha, likamshukuru mfadhili kwa fedha ambazo bado hajazitoa, ndipo likavuta pumzi na kuingia kwenye historia. Historia ilianzia 1989, mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar, ikapitia miaka ya neema, ikafika siku ya uzinduzi wa kikundi. Hapo mgeni rasmi alipewa aya yake peke yake, pamoja na maelezo ya zawadi aliyokabidhiwa: doti ya kanga na mkungu wa ndizi. Jumla ya yote, maneno 2,440. Kazi ya kulipanga upya niliangushiwa mimi kwa sababu nina kompyuta na kwa sababu Bi Mwenyekiti ni mama yangu mdogo. Kwa hiyo ya kwanza ningeweza kukataa.

Mfadhili alikubali maombi kwa Kiswahili, lakini kwa masharti yake. Mwongozo ulitaka sehemu saba, kwa mpangilio usiobadilishwa: muhtasari maneno 150, tatizo 300, walengwa 150, shughuli na matokeo 400, ufuatiliaji 150, uendelevu 150, na mwisho kabisa taarifa za mwombaji 200.

"Mwisho kabisa?" Bi Mwenyekiti aliuliza, miwani ikiwa imeshuka puani. "Yaani uingie nyumbani kwa watu, ukae, ueleze shida zako zote, halafu ukishafika mlangoni unatoka ndio useme jina lako?"

Kwa adabu za kwetu alikuwa na haki. Ila maandiko haya hayasomwi kama barua. Yanasahihishwa kama mtihani. Msomaji wa mfadhili ana karatasi ya alama pembeni, kila sehemu na alama zake, na akifika kwenye "tatizo" anatafuta tatizo hapo hapo. Sentensi nzuri ya tatizo ikiwa imejificha kwenye historia haipati kitu, hata kama ingemliza. Pengine anayesahihisha sehemu ya mwisho si yule aliyesahihisha ya kwanza. Na ukomo wa maneno nao unazungumza: mtu aliyekupa 400 kwa shughuli na 200 kwa habari zako ameshakwambia anajali nini.

Nilifungua faili jipya, tupu, nikaandika vichwa saba kama vilivyo kwenye mwongozo, herufi kwa herufi. Sisi tulikuwa na sehemu tuliyoiita "Maisha Baada ya Mradi", jina zuri lenye harufu ya mahubiri. Likawa "Uendelevu", kwa kuwa ndilo lililo kwenye karatasi ya alama. Chini ya kila kichwa nikabandika maswali ya mfadhili na ukomo wake. Faili la zamani sikuligusa. Anayeanza kukata kabla ya kupanga huishia kukata mguu na kubakisha kiatu.

Kisha nikachapisha andiko la zamani, nikaazima kalamu za rangi kwenye mkoba wa skuli wa mwanangu, na kila sentensi nikaipaka rangi ya sehemu inayoijibu. Njano tatizo, kijani shughuli, buluu walengwa, na kadhalika. Sentensi yenye rangi mbili ni ya kupasuliwa. Isiyopata rangi haijibu swali la mtu yeyote. Ukurasa wa kwanza ulibaki mweupe kama shuka la hospitali. Aya ya mgeni rasmi niliisoma mara kadhaa nikiwa na kalamu mkononi, kwa huruma, nikitafuta japo buluu. Wapi.

Njano nayo ilikuwa haba chini ya "Umuhimu wa Mradi", ambako mlijaa "changamoto mbalimbali" zisizotajwa. Tatizo lenyewe nililikuta kwenye historia, nyuma ya mkungu wa ndizi, ambako katibu alikuwa amelipitia kama mtu anayetaja hali ya hewa: zamani tulilima kotoni, maji yakawa moto ikawa inakufa, sasa tunalima spinosamu ambayo inavumilia ila bei yake ndogo, na mnunuzi akiona mchanga anakata kilo. Hapo ndipo mradi ulipo. Kotoni haihimili maji ya joto ya pwani yenye kina kifupi. Spinosamu inahimili, lakini ni ya bei ya chini, kwa hiyo kila kilo inayokatwa kwa ajili ya mchanga inauma. Kina mama walitaka vichanja ili waache kuanika chini. Sentensi moja ilibeba andiko zima, na ilikuwa ukurasa wa tatu.

Kwenye uendelevu nilikumbana na jambo la kinyume. Ukomo ulikuwa maneno 150 na sisi tulikuwa na matatu: "Mradi utakuwa endelevu." Watu hufikiri ukomo wa maneno kazi yake ni kupunguza tu. Unafichua pia palipo na shimo. Ilibidi niwaulize wenyewe, na ilikuwa bamvua, siku ambazo maji yanakauka mbali na kina mama wote wako shambani na kamba zao; kuitisha kikao bamvua ni kujitafutia matusi ya heshima. Nikangoja maji mafu. Tulipokaa nikauliza: vichanja vikivunjika, mfadhili ameshaondoka, nani atavitengeneza?

Mshika fedha alinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. "Si tunakata kwenye kila gunia linalouzwa? Ile ya matengenezo."

Kumbe walikuwa na mfuko, wana daftari, na wana fundi wa mbao anayelipwa kwa awamu. Hakuna aliyeliandika hilo kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni habari. Uzinduzi ndio ulikuwa habari.

Baada ya kuhamisha kila rangi kwenye kichwa chake ndipo nikashika mkasi. Maneno ya ziada katika Kiswahili cha maandiko hayajifichi sana, yanavaa suti. Hebu soma hii, kama ilivyokuwa: "Kwa kuzingatia ukweli kwamba wanachama wetu wamekuwa wakikabiliwa na changamoto mbalimbali katika suala zima la ukaushaji wa mwani, kikundi kinatarajia kufanya zoezi la ujenzi wa vichanja kwa ajili ya kuwezesha mwani kuweza kukauka katika mazingira yaliyo safi." Maneno 37, na mwani bado haujakauka. Ilikuwa na njano na kijani, kwa hiyo niliipasua. Kwenye tatizo ikaenda: "Mwani wetu huanikwa mchangani ukashika mchanga." Kwenye shughuli: "Tutajenga vichanja 12 vya kuanikia." Jumla 11. Toa "suala zima la", toa "zoezi la", kinachofanywa kifanye kitenzi, na changamoto ukiitaja kwa jina haitahitaji "mbalimbali".

Katibu, ambaye ndiye mwandishi wa suala zima, alilalamika kwamba sasa linasomeka kama watu wanavyoongea. Nikamwambia ahsante.

Kupanga upya kuna uchafu wake, na huu hauonekani mpaka usome toka juu hadi chini kama mtu asiyekujua. "Kama tulivyoeleza hapo juu" ilikuwa imehamia sehemu ya kwanza, ambako hapo juu palikuwa na nembo ya mfadhili. Kifupisho cha jina la kikundi kilitumika tangu muhtasari, na kirefu chake kikaja kutokea sehemu ya saba. Na vichanja vilikuwa 12 kwenye shughuli, 15 kwenye bajeti. Faili la zamani lilitenganisha namba hizo kwa kurasa sita, hakuna aliyeziona; zilipokaa karibu zikaanza kugombana. Mshika fedha alieleza kwamba vile vitatu ni vya kupunguzwa, maana mfadhili lazima apunguze. Nilimwomba tusijadili falsafa hiyo kwa sauti. Tukaandika 12 kila mahali. Muhtasari niliuandika upya mwisho wa yote, kwa kuokota sentensi moja kutoka kila sehemu, kwa sababu muhtasari ulioandikwa mwanzo huahidi mradi mwingine.

Tulifika siku ya kujaza kwenye tovuti tukiwa na maneno 1,486, na mimi nikitembea kifua mbele. Kisanduku cha kwanza kilipokea. Cha pili kilipokea. Cha uendelevu, ambacho mwongozo ulikipa maneno 150, chenyewe kilihesabu herufi: 1,000, pamoja na nafasi. Kwa Kiswahili hicho ni kipimo cha kuviziana. "Tutakapowafundisha" ni neno moja tu kwenye mwongozo, ila kwa kisanduku ni herufi 18, na mimi nilikuwa nimebana maneno kwa kuunga vitenzi virefu kama mabehewa. Kisanduku hakikulalamika. Kilikata tu, kimya kimya, na Bi Katibu akasoma kwa sauti kilichobaki mwishoni: "Vichanja vikivunjika baada ya mradi kuisha, tuta."

"Tutafanyaje?" akauliza Bi Mwenyekiti. "Tutalia?"

Ndiyo maana baada ya kubandika lazima usome mstari wa mwisho wa kila kisanduku, na si kwenye faili lako, bali pale pale kwenye tovuti, ukiangalia pia kama orodha zako hazijagandamana kuwa aya moja. Nikavunja vitenzi, nikatoa kivumishi kimoja na "aidha" mbili, vichanja vikapata matengenezo yao.

Vita ya mwisho ilikuwa kisanduku cha saba. Maneno 200 ya mwombaji, na mfadhili aliuliza mambo matatu tu: kusajiliwa, uongozi, na fedha mlizowahi kusimamia. Bi Mwenyekiti alitaka mgeni rasmi. Nilimwonyesha karatasi ya maswali. Akaisoma yote, akairudia, akauliza kama doti ya kanga haiwezi kuingia kwenye fedha tulizosimamia. Tulisuluhishana: yaliyotolewa yote nikayahifadhi kwenye faili nililoliita `makapi.docx`, nikamwapia kwamba halifutwi.

Faili hilo sasa lina kazi. Majibu ya mfadhili wa kwanza bado hayajatoka, na juzi limefunguliwa dirisha la mfadhili mwingine, ambaye anataka historia ya kikundi kwanza, maneno 600, na tatizo anataka kwa 100 tu. Bi Mwenyekiti alinipigia usiku, hata salamu hakumaliza.

"Mwanangu, mgeni rasmi umemweka wapi?"