Mheshimiwa na Korosho Mbichi

Huku kwetu, njia ya kwenda Msimbati, mkubwa haambiwi "hapana". Huambiwa "nimekupata, mzee", kisha kila mtu anaomba Mungu amsahaulishe.

Nilikuwa karani wa ghala la chama cha msingi, mvua za kwanza zimeshaanza, alipofika mheshimiwa mmoja na gari limejaa magunia. Alitaka mzigo uandikwe daraja la kwanza leo hii. Nikachota konzi moja, nikaitikisa. Korosho kavu hugongana kama kokoto, hizi zilinyamaza. Nikabonyeza moja kwa ukucha, ganda likaacha alama. Mbichi kabisa.

Tatizo halikuwa langu peke yangu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara mwaka 2007, korosho za wakulima hukusanywa pamoja na kupelekwa ghala kuu, na huko ubora hupimwa upya. Unyevu wa mmoja huteremsha bei ya wote, wakiwemo bibi zangu wawili wenye ndimi kali.

"Shikamoo mzee. Mzigo nimeupokea kwa mikono miwili," nilianza, "ila magunia ya chama yamekwisha." Akampigia mtu simu, magunia yakaletwa kabla sijamaliza kusikitika. Nikasema mwenyekiti hayupo. Akampigia mwenyekiti. Nikamkimbilia mjomba, kwa kuwa kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno: "Jambo zito hili, ngoja nishauriane na mjomba." Akacheka. Mjomba walicheza naye bao tangu ujana, tena namba yake anayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi. Mkubwa ni mtu wa kuondoa vikwazo. Ukimpa kikwazo kinachoondoka kwa simu, umemwambia "ndiyo" bila kujua. "Inshallah, tutaona" ni mbaya zaidi, hiyo huisikia kama ahadi, kesho analeta gari la pili. Lazima umtafutie kikwazo ambacho hana namba yake.

Nikamsogezea kiti na kahawa. "Mzee, shamba lako lina jina. Ghala kuu wakizitikisa hizi zikanyamaza, watauliza ni za nani, na mimi siwezi kuwadanganya. Zinataka jua la siku mbili tatu. Siku zitakapogonga, nitaziandika mwenyewe, wewe ukiwa umekaa hapo."

Hakusikia "hapana" hata moja. Akanywa kahawa taratibu. Akaniuliza watoto hawajambo, na bibi mzaa mama anaendeleaje. Mkubwa akianza kuulizia familia baada ya shauri, ujue ujumbe umefika, akirudia "kwa hiyo tunafanyaje?", bado.

Kisha akamgeukia dereva. "Shusha turubai, magunia baadaye."

Dereva akatazama wingu lililotanda upande wa Ruvuma. "Mheshimiwa, kwani tutalala hapa?"

"Usiniulize mimi," akasema. "Mwulize karani, yeye ndiye msemaji wa jua."