Anayedai Naye Adaiwe

Mkusanya madeni, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu au kampuni inayomfuata mdaiwa kwa ajili ya mkopo ambao haikuutoa yenyewe, naye huja kwa sura mbili ambazo hofu humzuia mdaiwa kuzitenganisha. Sura ya kwanza ni ya wakala, ambaye ametumwa tu na mkopeshaji huku deni likibaki kuwa la mkopeshaji. Ya pili ni ya aliyeuziwa deni lenyewe akawa mdai mpya, na tendo hilo la kulihamisha deni huitwa uhawilishaji. Ipo pia sura ya tatu, ya asiyetumwa wala kuuziwa chochote, ambayo vitabu vya sheria haviishughulikii sana lakini simu za Wakenya zinaifahamu vizuri.

Mwandishi wa makala haya, aliyelipa shilingi 3,000 ili kuielewa sura hiyo ya tatu, alikuwa amekopa shilingi 12,000 kwa simu, akarejesha 5,000, kisha akakwama. Mpigaji wa kwanza, mwenye sauti nzito na adabu ya kupigiwa mfano, alimtaja kwa majina yake yote matatu na kueleza kwamba deni lilikuwa limeuzwa kwa ofisi yake. Majina hayo yalionekana kuwa ushahidi tosha, ingawa mwandishi mwenyewe ndiye aliyeyaandika, pamoja na namba ya kitambulisho na ya simu, katika madaftari ya wageni ya karibu kila geti la Nairobi. M-Pesa ilipomwonyesha kwamba pesa zinakwenda kwa mwanamke fulani na si kwa kampuni, alikata shauri kwamba huyo bila shaka ni mhasibu, akathibitisha malipo.

Jambo alilopaswa kudai kwanza ni taarifa ya uhawilishaji, yaani maandishi yanayomjulisha mdaiwa kwamba deni lake limehamishwa, kwa nani, na tangu tarehe gani. Taarifa yenye uzito zaidi ni ile inayothibitishwa na mkopeshaji wa awali, kwa kuwa barua ya mnunuzi peke yake haitofautiani sana na barua ya mtu aliyejiandikia mwenyewe kwamba amepewa mbuzi wa jirani. Kwa kanuni ya sheria ya Kiingereza, ambayo sheria ya mikataba ya Kenya imeirithi, mdaiwa anayemlipa mdai wa zamani kabla ya kupata taarifa huhesabiwa kuwa amelipa, na mnunuzi hulipokea deni jinsi lilivyo. Hivyo hata kama mauzo yangekuwa ya kweli, zile 5,000 zisingefufuka.

Uthibitisho huo hutafutwa kwa mkopeshaji kupitia namba iliyomo katika mkataba au katika programu yenyewe ya mkopo, wala si kwa namba anayoitoa mpigaji, ambaye kwa ukarimu wake huwa nayo tayari. Wakati huohuo mpigaji huombwa aandike namba ya mkopo, tarehe uliyotolewa, na hesabu inayotenganisha mkopo, riba, faini na kiasi kilichokwisha kurejeshwa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachowakwamisha matapeli, kwa kuwa hakuna geti linalouliza wageni wamelipa kiasi gani, na ndiyo maana mdaiwa hapaswi kumsaidia mpigaji kwa kumtajia.

Tangu kanuni za mwaka 2022, Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, lakini orodha hiyo humthibitisha mkopeshaji tu, si kila anayejinadi kwa jina lake. Kanuni hizohizo zinakataza vitisho na kuwapigia simu watu waliomo katika simu ya mdaiwa, ila ingekuwa kosa kufikiri kwamba mwenye matusi lazima awe tapeli, jambo ambalo mwandishi alilithibitisha siku sita baadaye.

Mpigaji wa pili alianza kwa kufoka, akamwita mwandishi mwizi, kisha alipoulizwa akatuma kwa maandishi namba ya mkopo, zile 5,000 zilizolipwa, salio la 7,000 na faini yake. Mkopeshaji alikiri kumtuma. Deni halikuwahi kuuzwa, na malipo yaliendelea kupitia namba ileile ya kampuni iliyokuwa ikitumika tangu awali. Habari ya zile 3,000 ilipomfikia, wakala huyo alinyamaza, kisha kwa upole wa kwanza kusikika katika mazungumzo hayo akauliza: “Na huyo mama, alikupa risiti?”