Mauzo Yasiyoyumba

Dashibodi yetu inajisasisha yenyewe, ati! Saa moja asubuhi barua pepe yenye neno "Mauzo" kichwani ikiingia, mtambo hunyofoa kiambatisho na kukihifadhi kama mauzo.xlsx, juu ya kile cha jana. Saa mbili dashibodi inakisoma.

Wiki moja, kuanzia Jumanne, mhasibu mpya, mtu wa adabu, akawa anawajibu wote kila asubuhi kabla ya saa mbili: "Asante sana." Chini ya jina lake, nembo ya kampuni. Kwa mtambo, nembo nayo ni kiambatisho. Ikavishwa jina la mauzo.xlsx. Usasishaji ukagoma, dashibodi ikabaki na tarakimu za Jumatatu, zinameremeta. Bosi akasifu mauzo "yasiyoyumba" hadi Ijumaa.

Sasa mtambo unapokea faili zinazoishia .xlsx tu. Anayetuma mauzo kaanza kutuma .xls.